Mstari wa Nne

Watu wa kanisa letu wakitaka kumsifu Rodah husema kwamba yule mama akishika neno haliachi. Mwenyewe hakusoma sana. Alifika darasa la saba, akaolewa kwenye boma lililo chini ya barabara ya kutoka Litein, na tangu hapo maisha yake yamekuwa majani ya chai, ng'ombe wawili na vijana wa kanisa. Asubuhi anachuma, mchana anapeleka majani kwenye kituo cha kupimia, na Jumapili baada ya ibada anakaa na vijana kama thelathini nyuma ya kanisa, kwenye mabenchi yaliyotolewa nje. Wanamwita Teacher. Hakuwahi kuwa na cheti cha kumpa mtu jina hilo, na labda ndiyo sababu alilipenda kuliko alivyokubali kusema.

Mwezi wa tatu, makanisa ya upande wetu yalikuwa na kusanyiko la siku mbili kule Merigi. Mchana wa Jumamosi ulitengwa kwa ajili ya walimu wa vijana. Walifundishwa na dada mmoja kutoka Kericho aitwaye Judy, mwembamba, mwenye sauti ya chini iliyofanya watu wanyamaze ili wamsikie. Projekta iliwekwa juu ya makreti mawili ya soda, shuka jeupe likatundikwa ukutani, na jenereta ikawa inanguruma nje upande wa jikoni.

Somo lilikuwa hili: namna ya kutoa mazungumzo ya vijana ya dakika ishirini, yenye mifupa. Judy alipenda hilo neno, mifupa. Alisema mtu akisimama bila mifupa, maneno yanamwagika. Kwanza, soma fungu mara tatu kabla ya kushika kalamu, na usome pia lililo juu yake na lililo chini yake. Pili, andika wazo kuu kwa sentensi moja. Likikataa kuingia katika sentensi moja, bado hujalielewa. Tatu, toa hoja mbili au tatu, zote kutoka katika fungu lenyewe, si kutoka kichwani mwako. Halafu mfano. Halafu swali ambalo haliwezi kujibiwa kwa ndiyo au hapana. Mwisho tendo la wiki, jambo dogo ambalo kijana anaweza kulifanya kabla ya Jumapili nyingine, maana kijana akienda nyumbani bila la kufanya, alichosikia kinabaki pale kwenye benchi.

Rodah hakuwa mwepesi wa kuandika, kwa hiyo kila slaidi ilipotokea aliinua simu na kuipiga picha, kama walivyofanya wengi. Ila slaidi za Judy hazikuja zote kwa mara moja. Alikuwa anabonyeza, mstari mmoja unaingia, anaueleza, anabonyeza tena. Ilipofika slaidi ya mfano, mstari wa kwanza ulisema mfano uwe wa kweli. Wa pili, uwe wa hapa hapa, si wa nchi za watu. Wa tatu, uguse moyo. Rodah akapiga picha, akashusha simu, na macho yake yakahama pale ukutani.

Alikuwa ameshaupata mfano wake. Ulikuwa wa kweli, ulikuwa wa hapa hapa, na ulikuwa umemgusa moyo yeye mwenyewe kwa miezi miwili.

Chini ya shamba la Rodah kuna chemchemi. Yeye huteka maji ya ng'ombe pale alfajiri, na alfajiri moja ya mwezi wa kwanza alimkuta Beverly ameinama kwenye karai, anafua mashuka, na bado hakujapambazuka sawasawa. Beverly ni mmoja wa vijana wake, ana miaka kumi na saba. Baba yake, Ojwang, anafanya kazi kwenye boila ya kiwanda cha chai, na familia yao ilitoka upande wa ziwani zamani, Beverly akiwa bado mgongoni. Wanakaa kwenye vyumba vya kupanga karibu na kiwanda, ambako kuna bomba uani. Rodah alimuuliza kwa nini aje kufua mbali hivyo na gizani. Msichana alijaribu kucheka, kicheko kikakataa, akaanza kulia.

Ndipo akamweleza. Mama yake, Jerusa, alipojifungua mtoto wa mwisho, uchungu ulikaa siku mbili. Mtoto hakuishi. Tangu hapo, mwaka wa nne sasa, Jerusa hawezi kuzuia mkojo. Hautoki kwa kipimo, unatoka tu, mchana na usiku. Ndiyo sababu aliacha kanisa, aliacha chama cha akina mama, aliacha hata kukaa kwenye kiti cha mtu. Watu walisema amekuwa na maringo tangu mume wake apandishwe cheo, na Jerusa aliona afadhali waseme hivyo. Beverly hufua mbali ili majirani wa pale uani wasihesabu mashuka. Alimshika Rodah mkono wa sweta, akamwomba asimwambie mtu. Rodah akaahidi. Na tuseme ukweli, kwa miezi miwili alinyamaza, na mara mbili tatu alimsaidia kukamua yale mashuka mazito.

Pale Merigi, wakati Judy anaendelea kueleza, Rodah alikuwa chini kwenye chemchemi kwa mawazo. Aliposhtuka, slaidi nyingine ilikuwa imeingia.

Wiki iliyofuata alijenga mazungumzo yake kama alivyofundishwa. Kila jioni alifungua zile picha kwenye simu, akizikuza kwa vidole viwili, na kuandika kwenye daftari la mtoto wake Kipkurui. Alichagua barua kwa Wagalatia, sura ya sita, pale Paulo anapowaambia watu wachukuliane mizigo. Alisoma mara tatu. Mara ya tatu akagundua kitu kilichomfurahisha hata akamwita Kipkurui aje aone: mistari mitatu chini yake, Paulo huyo huyo anasema kila mtu atachukua furushi lake mwenyewe. Mbona anajipinga? Rodah alilala na hilo swali, akaamka na jibu akiwa shambani, kikapu mgongoni. Kuna kikapu unachokibeba mwenyewe siku nzima unapochuma. Hicho ni furushi lako, hakuna wa kukusaidia wala hutaki. Na kuna gunia lililojaa jioni, ambalo huwezi kulipandisha mgongoni peke yako hata uwe na nguvu vipi. Lazima mtu akutwike. Huo ndio mzigo.

Wazo kuu likaingia katika sentensi moja: jifunze kutofautisha furushi lako na mzigo wa mwenzako. Hoja zikawa tatu. Swali likawa: ni nani karibu nawe anayebeba gunia akidhani ni kikapu? Tendo la wiki likawa: mtafuteni mtu mmoja, mkamtwike. Na penye mfano akaandika maneno machache tu, kwa sababu hakuhitaji kuyakumbuka.

Ilikuwa kazi nzuri. Hakuna mtu amesema vinginevyo mpaka leo.

Jumapili alisimama mbele ya vijana bila kutetemeka. Alipofika kwenye mfano alisema hatataja jina. Alisema yuko msichana mmoja wa rika lao, anayeamka saa kumi alfajiri na kwenda kwenye maji na karai la mashuka, kwa sababu mama yake alipata shida ya uzazi na hawezi kujizuia. Alisema msichana huyo anafua mbali na kwao ili majirani wasijue, na mama yake ameacha hata kuja mbele za Mungu kwa aibu. Alisema watu wanamwita mama huyo mwenye maringo.

Hakutaja jina. Aliona hiyo inatosha, kama mtu anayefunga mlango na kuacha dirisha wazi. Chemchemi ni moja. Mama aliyeacha kanisa na kuitwa mwenye maringo ni mmoja. Vijana wakawa wanalia, hata Kepher, yule kijana wa bodaboda anayejifanya mgumu. Beverly hakuwapo siku hiyo, na Rodah, akitazama machozi yao, alishukuru kimoyomoyo kwamba hakuwapo, lakini hakujiuliza kwa nini anashukuru.

Nicholas, mwenyekiti wa vijana, alimwomba lile daftari, akapiga ukurasa picha, akauweka kwenye kikundi chao cha WhatsApp. Chini yake watu wakaweka mikono ya kuomba na moto. Mtu mmoja akaandika kwamba Teacher ni moto wa kuotea mbali. Rodah aliyasoma maneno hayo mara nyingi kuliko alivyosoma Wagalatia.

Sasa, vijana wetu wana sifa moja: ukiwaambia wafanye jambo, wanalifanya. Jumatano saa tisa mchana, vijana wanane wakiongozwa na Kepher walitokea kwenye uwanja wa vile vyumba karibu na kiwanda. Walikuwa na sabuni za kipande, pakiti za sabuni ya unga, makarai mawili mapya na shuka jipya ndani ya karatasi yake. Walikuja wakiimba. Walikuwa na nia safi kabisa, na hilo ndilo linalouma. Wakasimama mbele ya mlango wa Jerusa, na Kepher akasema kwa heshima yote kwamba wamekuja kufua, Mama, tumekuja kukutwika.

Uwanja ulikuwa na watu. Ilikuwa saa ya zamu kubadilishana. Aluoch, jirani wa mlango wa tatu, aliacha mboga zake, akasogea kuuliza ni nini kinafuliwa. Mmoja wa wale wasichana, akidhani kila mtu anajua kama wao wanavyojua, akamweleza.

Jerusa hakufungua. Walisikia kitasa kikizungushwa kwa ndani. Waliomba pale nje, wakaacha vitu mlangoni, wakaondoka wakiwa na furaha ya watu waliotenda jema. Kepher akapiga picha ya makarai na kuiweka kwenye kikundi.

Rodah alikuwa anakamua ng'ombe Beverly alipokuja. Msichana hakuingia. Alisimama nje ya boma, sare ya shule bado mwilini, na kueleza yote niliyoeleza hapo juu, bila kulia, kama mtu anayesoma orodha. Mwisho akasema, "Mimi ndiye nilikuambia. Kwa hivyo mama anasema ni mimi nimemuuza."

Rodah akamwita aingie, anywe chai kwanza waongee. Beverly akasema chai ni ya nini, akageuka.

Jioni hiyo Rodah alifungua simu kutafuta kitu cha kushika. Kwenye kikundi alikuta kwamba Nicholas alikuwa ameweka slaidi zote za Merigi, zile alizotumiwa na Judy mwenyewe. Akashuka nazo moja moja mpaka akaifikia ya mfano. Mistari yote ilikuwa imeshaingia. Wa kwanza uwe wa kweli, wa pili uwe wa hapa hapa, wa tatu uguse moyo. Na wa nne, ambao haumo kwenye picha yake: usiwe siri ya mtu, kuficha jina hakutoshi, omba ruhusa, au tumia lako mwenyewe.

Jambo la kwanza alilosikia, na hili alikuja kumwambia mama yangu baadaye akiwa ameinamisha uso, lilikuwa nafuu. Hakuuona. Kosa lilikuwa la kidole, la simu, la mtu kubonyeza polepole. Alikaa na nafuu hiyo usiku mzima na kesho yake akaibeba hadi kwa Jerusa.

Alikwenda saa nne asubuhi, watu wakiwa kazini. Makarai mapya yalikuwa bado pale mlangoni, sabuni ndani yake, hakuna aliyeyagusa. Aligonga, akajitaja. Alingoja muda mrefu. Mlango ulipofunguka, Jerusa alirudi kukaa kwenye kigoda kilichotandikwa gunia, akamwonyesha Rodah kiti. Nyumba ilikuwa safi kuliko nyumba nyingi. Dirisha lilikuwa wazi na sabuni ilikuwa inanukia kila mahali, kali, ya kuzidi.

Rodah aliomba msamaha. Alieleza kuhusu kusanyiko, na Judy, na projekta, na namna mistari ilivyokuwa inaingia mmoja mmoja. Akatoa simu. Akamwonyesha picha yake yenye mistari mitatu, halafu slaidi yenye minne. Jerusa aliishika simu, akasoma zote mbili taratibu, midomo ikicheza.

"Kwa hivyo, Mama Kipkurui," akasema, "ungeona huu wa nne, ungeninyamazia?"

Rodah akanyoosha kidole kuuonyesha tena ule mstari.

"Na ulipomwahidi mtoto wangu kule kwa maji, ulikuwa umeandikiwa wapi?"

Hapo ndipo ile nafuu ilipomwisha. Alisikia uso ukimwaka mpaka masikioni. Simu ilikuwa bado mkononi mwa Jerusa, na hakuthubutu kuiomba.

Jerusa akamuuliza kama vijana walicheka wakati anasimulia. Rodah akasema hapana, hapana kabisa, walilia.

"Afadhali wangecheka," Jerusa akasema. "Mtu akinicheka namjua. Sasa hawa wote watakuwa wananiangalia na ile macho."

Rodah akasema, kwa haraka ya mtu anayetaka kutoa kitu chochote, kwamba shida hiyo inatibika, kuna madaktari wanaishona, atauliza, atamsindikiza mwenyewe. Jerusa akamwambia anajua. Yeye na mume wake walikuwa wameshapata siku, mwezi wa sita, na walikuwa wamepanga kusema anaenda kuona dada yake. Angerudi amepona, na hakuna mtu angejua kwamba alikuwa mgonjwa. Angeingia kanisani siku hiyo akaketi mbele. Alikuwa ameipangia siku hiyo hata gauni.

"Hiyo ndiyo umechukua," akasema. Hakusema kwa hasira.

Rodah aliuliza afanye nini. Alisema yuko tayari kusimama kanisani Jumapili na kukiri mbele ya watu wote. Jerusa akatikisa kichwa kabla hajamaliza. Alimwambia asikiri popote. Asimtaje tena, wala kwa msamaha, wala kwa maombi, wala kwa mafumbo. Kama anataka kumwekea heshima, hiyo aibu yake akae nayo yeye mwenyewe, asiipeleke mbele ya watu wakaipangusia machozi. Halafu akamrudishia simu na kumwomba, akitoka, aondoke na yale makarai.

Kwa hiyo Rodah alipanda barabara ya kiwandani mchana kweupe amebeba makarai mawili mapya kichwani, sabuni ndani na shuka juu, na kila aliyekutana naye alimwamkia na kumwuliza kama ametoka sokoni. Aliitikia kwamba ndiyo.

Alipofika nyumbani alimpigia Nicholas. Alimwomba afute ule ukurasa kwenye kikundi pamoja na picha ya Kepher. Nicholas akasema atajaribu, lakini siku zimepita, kwa simu za watu hautafutika tena. Na tena, akasema kwa furaha, alikuwa ameshautuma kwa wenzao wa Fort Ternan. Wameupenda sana, wanataka Teacher aje autoe kwenye mkutano wa vijana mwezi ujao, mbele ya makanisa kumi na mawili. Alikuwa anataka kumshtukiza na hiyo habari.

Rodah akasema hataenda. Akamwambia awapigie Fort Ternan leo, si kesho, wasiutumie kabisa. Nicholas akacheka, akidhani ni unyenyekevu, akamwambia, ah, Teacher, usituangushe, huo mfano peke yake ni mahubiri.

"Huo mfano si wangu," Rodah akasema. "Niliuiba."

"Kutoka kitabu gani?"

Aliona mlango mdogo wa kupitia bila kumgusa Jerusa tena. Mtu anayeiba maneno ya kitabu ni mdogo machoni pa watu, na Nicholas alikuwa mtu wa kusambaza habari. Rodah alijua hilo.

"Usiniulize," akasema. "Waambie nimeiba. Waambie hivyo hivyo."

Nicholas alipunguza sauti, akasema sawa, na Rodah alisikia kwenye ile sawa kwamba heshima imeshuka. Fort Ternan walitafuta mtu mwingine. Maneno yakazunguka, kama yanavyozunguka kwetu, kwamba yale mazungumzo mazuri kumbe aliyatoa mahali akajifanya ni yake. Kuna waliosema walishangaa tangu mwanzo, mama wa darasa la saba atatoa wapi mambo ya furushi na mzigo. Hilo lilikuwa lake kweli, alilipata mwenyewe shambani, na hakulitetea.

Jumapili alikuja kama kawaida, akakaa na vijana kwenye mabenchi. Beverly hakuwapo. Kepher aliinua mkono kutoa taarifa ya tendo la wiki, na alianza kueleza walivyokwenda, na makarai, na namna mama huyo alivyoguswa hata akashindwa kufungua mlango.

Rodah alimkatiza. Alisema hatutatoa taarifa leo. Kepher, aliyekuwa amejiandaa, akabaki amesimama, akimwangalia. Kijana huyo hakuwa na kosa, na Rodah hakuwa na namna ya kumwambia kosa ni la nani na liko wapi.

"Basi, Teacher," Kepher akauliza, "tulikosea?"

Vijana wote thelathini walimtazama. Judy alimfundisha kuuliza yasiyojibika kwa ndiyo au hapana, na hili lilitaka mojawapo. Rodah aliinamisha macho, akafungua Biblia, akawaambia wasome sura ya kwanza ya barua inayofuata, kila mtu peke yake, kimya, mara tatu.